Spika za Nyumba Nzima: Ipi Ununue Kwanza, na Mwangwi Hutoka Wapi

Tulipowasha taarabu kwa mara ya kwanza katika sehemu tatu za nyumba ya shangazi yangu, iliyoko Mji Mkongwe wa Bagamoyo, yeye alisimama mlangoni kati ya sebule na ukumbi, akasikiliza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu mwimbaji ana mwenzake anayemfuata nyuma?" Swali hilo ndilo kipimo ninachokitumia kupanga spika hapa chini, kwa sababu ukubwa wa sauti hupatikana kwa bei yoyote, ilhali kwenda pamoja hakupatikani.

Sikio huunganisha sauti mbili zinazofanana kuwa moja iwapo tofauti yao haizidi milisekunde 30 hivi. Ikikaribia 50 au kupita, mwangwi huanza kusikika. Sauti yenyewe hutumia karibu milisekunde 3 kusafiri mita moja hewani, kwa hiyo spika iliyo mita 10 mbali zaidi imeshachelewa 30 kabla mitambo haijaongeza ucheleweshaji wake.

Nafasi ya kwanza naipa spika za Wi-Fi za familia moja, iwe Google Cast, AirPlay 2 au Sonos. Spika hizi hupokea muziki kupitia ruta, huuhifadhi kidogo, kisha huutoa kwa kufuata saa moja zinayokubaliana. Usichanganye familia kwa kuvutiwa na bei, maana spika ya familia moja haiingii katika kundi la nyingine isipokuwa imetengenezwa kukubali zote mbili. Kwa nyumba zetu za zamani kuna gharama moja ya ziada: kuta nene za matumbawe na chokaa hudhoofisha Wi-Fi, na ruta iliyowekwa sebuleni huenda isifike uani. Kabla ya kununua spika ya tatu, nunua kifaa cha pili cha kusambaza Wi-Fi na ukifikishie waya kutoka kwenye ruta.

Ya pili ni amplifaya moja yenye spika za waya, ambayo kwa kweli haina mwangwi wa mitambo hata kidogo. Nimeishusha kwa sababu ya usumbufu wa kupitisha nyaya ukutani tu. Angalia maandishi ya nyuma ya amplifaya kabla ya kuongeza spika: mbili za ohm 8 zikiunganishwa sambamba huwa ohm 4, na si kila amplifaya inastahimili kiwango hicho.

Bluetooth inashika mkia. Spika za aina moja zenye modi ya kuungana zinafaa barazani, lakini hata ndani ya kampuni moja vizazi havielewani. PartyBoost ya JBL, kwa mfano, haikubali spika za Connect+. Simu mbili zinazobonyezwa kwa pamoja, kila moja na spika yake, sizihesabu kabisa.

Nyumbani kwa shangazi tulikuwa na spika mbili ndogo za Cast, moja ukumbini na nyingine uani, pamoja na Chromecast iliyochomekwa kwenye televisheni, nayo televisheni ikapeleka sauti kwenye sabufa. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, tulisikiliza mwangwi unavyokwenda. Mwangwi usiobadilika unarekebishika. Unaokua kadiri dakika zinavyopita unaonyesha kwamba kila kifaa kinafuata saa yake. Sauti inayokatika na kurudi ni tatizo la mtandao. Wetu haukubadilika.

Tulicheza mlio wa metronomu badala ya wimbo, kwa sababu wimbo hujirudia na kulidanganya sikio, kisha nikarekodi kwa simu nikiwa mahali palipo sawa kati ya sabufa na spika ya ukumbini. Nilipoifungua rekodi katika Audacity, kila mlio ulikuwa na vilele viwili vilivyoachana kwa milisekunde 90. Tulizima mapambo ya sauti ya televisheni, yale ya kuigiza ukumbi wa sinema, na pengo likashuka hadi 60. Lililobaki tuliliondoa katika programu ya Google Home, kwenye mipangilio ya sauti ya Chromecast, kwa kitelezi kiitwacho `Group delay correction`. Kisogeze kidogo kidogo na usubiri. Pengo likiongezeka, rudi upande wa pili. Kirekebishe kwenye kifaa kinachochelewa pekee, la sivyo utapoteza hesabu.

Mlangoni mwimbaji akabaki peke yake. Uani, umbali wa mita 15 kutoka sebuleni, sabufa bado ilisikika ikichelewa kama milisekunde 45, na umbali huo hauondolewi na kitelezi bila kuiharibu sebule. Tulipunguza sauti ya sabufa na kufunga mlango wa nyuma.