Uzoefu wangu: kuzirudisha picha za harusi zilizofutika

Jumapili baada ya harusi ya mdogo wangu, Tanga, simu yangu ilijaa. Niliingia Google Photos nifute skrinshoti, nikagusa alama za tarehe badala ya picha moja moja, na picha za siku mbili nzima zikachaguliwa bila mimi kuona. Nikafuta. Sikujua kitu mpaka siku ya 47, mdogo wangu aliponiomba picha za usiku wa hina. Zilikuwa hazipo.

Nilianzia kwenye Collections, kisha Trash (simu nyingine huandika Bin). Nilikuta picha 168. Nikazichagua zote, nikabonyeza Restore, na zikarudi mahali pake na tarehe zake. Lakini nilikuwa nimefuta 214. Zile 46 nyingine zilikuwa wapi?

Jibu lilinichukua jioni nzima kulipata, na ndilo ningependa mtu mwingine alijue mapema. Kapu hilo lina muda wa aina mbili. Picha iliyokwisha kupanda kwenye akaunti ya Google hukaa humo siku 60. Picha iliyokuwa kwenye simu tu, haijapanda, hukaa siku 30. Simu yangu nimeiweka ipandishe picha kwa waifai peke yake, ili isinimalizie bando. Picha za maandalizi zilipanda Alhamisi nikiwa kwa shangazi, kwenye waifai. Za hina nilizipiga Ijumaa kwa bibi, ambako hakuna waifai, na Jumapili nikazifuta kabla hazijapanda. Kwa hiyo siku ya 47 zile za Alhamisi zilikuwa na siku 13 za kuishi, na za hina zilikuwa zimeshaondoka. Wenye aifoni wana folda yao, Recently Deleted, na hesabu yake huanzia siku 30.

Nikajaribu programu ya kurudisha picha. Nilifurahi sana mwanzoni, maana ilinionyesha picha za hina, bibi akicheza katikati ya ukumbi. Nilipoifungua moja na kuikuza, sura zikawa ukungu. Nikaangalia ukubwa wake: pikseli 512 kwa 384, wakati kamera yangu hupiga 4000 kwa 3000. Zile zilikuwa vijipicha ambavyo simu hujitengenezea ili galari ifunguke haraka. Programu haikuwa imechimbua kitu kilichofutwa, ilikuwa imekusanya mabaki yaliyokuwa bado yamelala kwenye simu. Angalia ukubwa kabla hujalipa chochote.

Fundi mmoja aliniambia tuiruti simu, yaani tujipe mamlaka yote juu ya mfumo wake, ili programu iingie ndani zaidi. Nilikataa, na nashukuru. Kwa simu nyingi, ili uiruti lazima kwanza ufungue butiloda, ile programu ndogo inayowasha mfumo wa simu, na hatua hiyo hufuta kila kitu kilichomo. Hata ukivuka hapo, simu za Android za miaka hii husimba kila faili kwa ufunguo wake, na faili likifutwa ufunguo nao huondoka. Tena simu huiambia chipu yake kwamba nafasi ile sasa ni tupu, na chipu huisafisha. Hakuna programu ya kuokota kutoka hapo.

Kadi ya kamera ni habari nyingine kabisa. Sherehe yenyewe ya Jumamosi aliipiga kaka yangu kwa kamera ndogo, na mtoto akaja kubonyeza Format. Kaka aliitoa kadi siku ileile na hakupiga tena hata picha moja, na hilo ndilo lililotuokoa. Kamera nyingi zikifomati hufuta orodha ya mafaili tu, picha zenyewe hubaki mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Nilitumia QPhotoRec, programu ya kompyuta ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, ni ya bure. Kwenye kompyuta nilichagua kadi, nikaacha JPG peke yake kwenye File Formats, na sehemu ya kuhifadhia nikaelekeza kwenye diski ya kompyuta, kamwe si kwenye kadi yenyewe. Baada ya kama nusu saa nilikuta folda inayoitwa `recup_dir.1`, imejaa picha za ukubwa kamili. Majina yote yalikuwa yamepotea, zote ni `f` na tarakimu, ila saa ya kupigwa bado imo ndani ya kila picha, kwa hiyo nilizipanga kwa hiyo. Mbili zilitoka nusu, chini ni kijivu kitupu.

Za hina niliziendea kwa njia nyingine. Kwenye simu, ndani ya folda ya WhatsApp Images, kuna folda iitwayo Sent, inayotunza nakala ya kila ulichotuma. Nilikuta 9. Zimepunguzwa ukubwa, lakini ile ya bibi akicheza nimeichapisha kwa saizi ya kadi ya posta, na sura yake inaonekana vizuri. Zile 37 nimekubali kwamba hazirudi.