GB 5 za wiki nzima, siku mbili kwisha: nilichokikuta kwenye skrinshoti yangu

Naipa kampuni yangu ya simu nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu mtandao wenyewe hapa Moshi unashika vizuri. Kama kungekuwa na nafasi ya kuandika sifuri kwa yule kijana wa dirishani, ningeiandika kwa herufi kubwa.

Mimi nauza nguo za watoto soko la Memorial. Wateja wangu wengi wako WhatsApp: napiga picha mzigo ukifunguliwa, natuma, wanachagua, jioni wanakuja kuchukua. Kwa hiyo bando kwangu ni mtaji kama mtaji mwingine. Wiki mbili tatu zilizopita, Ijumaa jioni, nikanunua GB 5 za siku saba. Jumapili mchana natoka kanisani, nataka kumjibu mteja wa Himo, ujumbe hauendi. Naangalia salio la bando: sifuri. Na vocha niliyokuwa nimebakiza kwenye laini nayo imeliwa.

Nikapiga skrinshoti ya ile sehemu ya simu inayoonyesha matumizi ya data, nikawatumia huduma kwa wateja na swali moja tu: mbona limeisha haraka hivi? Jibu likaja baada ya saa nzima: "Mpendwa mteja, kifurushi huisha kulingana na matumizi yako." Basi. Hakuna aliyeitazama ile picha.

Jumatatu nikafunga meza mapema nikaenda dukani kwao mjini, huku nimeacha wateja. Nimepanga foleni, nimefika dirishani, nimemwonyesha kijana simu. Hakuishika. Alitupia jicho kwa mbali, akasema, "Mama, umetumia. Bando haliliwi na panya." Wa nyuma yangu wakacheka. Nikamwambia mimi siangalii video, na usiku nilikuwa nimelala, sasa nimetumiaje? Akasema, "Anayefuata." Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaomkaribia umri, na nilikuwa nimemsalimia vizuri. Lile "anayefuata" bado linanikaa kooni.

Nilitoka pale nikiwa na hakika nimeibiwa, na hivyo ndivyo nilivyomwambia kila mtu sokoni. Mpaka nilipopita kwa kijana mmoja fundi simu karibu na stendi. Yeye alinipa shikamoo, akanivutia stuli, akachukua simu mkononi. Kitendo hicho tu, kuchukua simu mkononi, ndicho nilichokikosa kule dukani.

Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba skrinshoti yangu haikuwa ya bando langu. Ilikuwa imeandika GB 11 na ushee, na mimi nilikuwa nimeshikilia namba hiyo kama ushahidi wa wizi. Akanionyesha juu ya ile grafu: tarehe zimeandikwa, zinaanzia tarehe 1 ya mwezi. Yaani zile GB 11 zilikuwa za vifurushi vyote nilivyonunua mwezi mzima. Simu haijui bando limenunuliwa lini, inahesabu kwa mzunguko wake. Akaingia kwenye `Mobile data usage cycle`, akabadilisha siku ya kuanzia ikawa tarehe ya Ijumaa ile. Namba zikajipanga upya hapo hapo: GB 4.8. Bahati nzuri Ijumaa mchana kutwa sikuwa na bando, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha zamani kilichoingia humo. Kama ungekuwa umetumia bando jingine asubuhi, lingehesabiwa pamoja, maana mzunguko unaanza saa sita usiku, si saa uliyonunua.

Hapo hasira yangu ikayumba kidogo, nisiwe mwongo. GB 4.8 kati ya 5. Data ilipita kwenye simu yangu kweli.

Lakini nani ameitumia? Chini ya grafu kuna orodha ya programu, iliyokula zaidi iko juu. TikTok GB 1.7, Google Play Store GB 1.2, YouTube GB 0.8, WhatsApp GB 0.8, vingine vyote vidogo vidogo GB 0.3. Ukigusa jina moja, inakufungulia mistari miwili: `Foreground` na `Background`. Fundi akanieleza kwamba ya kwanza ni data iliyotumika programu ikiwa imefunguliwa kwenye kioo, mtu anaitazama. Ya pili ni ile iliyotumika yenyewe kwa nyuma, simu ikiwa mfukoni au wewe ukiwa kwenye kitu kingine. Akasema picha niliyowatumia isingemsaidia mtu hata angeitazama, kwa sababu ilikuwa na jumla tu. Ya kutuma ni ile ya ndani, programu moja moja, mistari yote miwili ikionekana.

TikTok na YouTube zilikuwa `Foreground` karibu zote. GB 2.5, nusu ya bando, na mtu alikuwa anatazama. Huyo si mimi. Jumamosi simu ilikaa na mwanangu wa darasa la sita wakati nafua na kupika, na sikuona tabu yoyote kwa sababu niliambiwa GB 5 ni za wiki. Fundi alisema saa moja ya YouTube kwa ubora wa 480p ni kama nusu GB, na ukipanda 720p inakaribia GB nzima au kuipita. TikTok nayo inavuta video inayofuata kabla hujaigusa, kwa hiyo hata ile uliyoipitisha kwa kidole imeshalipiwa.

Ya Google Play Store ndiyo iliyonigusa, maana ndiyo iliyokuwa jibu la "nilikuwa nimelala". GB 1.2, karibu yote `Background`. Akafungua Play Store yenyewe, akagusa ile duara yenye picha yangu pembeni, akaingia sehemu ya kusimamia programu, akazipanga kwa `Recently updated`. Programu 14 zimejiapdeti Jumapili alfajiri, na kubwa kuliko zote ni magemu mawili ya mtoto. Simu huwa inasubiri ikae kwenye chaji na isishikwe ndipo iapdeti. Na mimi kila usiku naichomeka kitandani, data iko wazi, nalala. Kumbe na muda huo naulipia. Kwenye mipangilio ya Play Store, `Auto-update apps` ilikuwa imewekwa kwenye mtandao wowote ule, si Wi-Fi peke yake. Sijawahi kuigusa. Simu niliinunua mkononi kwa mtu, itakuwa ilikuja hivyo.

Kuna jambo hapa ambalo singelijua peke yangu. Apdeti ya TikTok haiandikwi kwa TikTok, inaandikwa kwa Play Store. Ukitazama programu moja moja unaweza kuona kila moja haina hatia, kumbe mzigo wote umebebwa na jina lingine.

Halafu WhatsApp. GB 0.2 nilikuwa nimeifungua, GB 0.6 kwa nyuma. Nikamwambia unaona, hii ni ya kazi. Akafungua galari: video za grupu la ukoo, grupu la kwaya, grupu la wazazi wa shule, zimeshuka zenyewe na nusu yake sijazitazama. Kwa kawaida WhatsApp kwenye data ya simu hushusha picha tu. Mimi ndiye niliyeweka tiki kwenye video zamani, ili za wateja zifunguke haraka. Kwa hiyo niliposema siangalii video nilikuwa nasema kweli, na bado video zilikuwa zinaingia.

Kosa nililofanya usiku ule ni kuzima data ya nyuma ya WhatsApp kabisa. Kesho yake mpaka saa tano sikuona oda hata moja. Nikadhani biashara imelala. Nilipofungua WhatsApp zikaingia tisa kwa mpigo, na wateja wawili walishanunua kwingine. Nikairudisha, nikatoa tiki ya video tu kwenye `Media auto-download`, inatosha. Play Store ndiyo niliyoifunga ibaki Wi-Fi. Bando lililofuata, GB 5 zile zile, lilifika Alhamisi. Halikumaliza wiki, kwa sababu TikTok ya mtoto ni TikTok ya mtoto, ila kutoka Jumapili mpaka Alhamisi ni tofauti ninayoiona kwenye mauzo.

Sasa, baada ya haya yote, nirudishe maneno yangu? Nilikuwa nimeandika "wezi", nimelifuta. Hata lile la kwamba hawakunitaarifu nimelifuta, kwa sababu nilipopekua meseji nikaikuta ile ya kwamba umeshatumia asilimia 75 ya bando, ile ambayo TCRA ilielekeza mitandao itume tangu 2021. Imeingia saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili, katikati ya zile apdeti. Nilipoamka ilishafunikwa na meseji za mikopo na bahati nasibu. Kwa hiyo walituma. Sawa. Nyota mbili.

Lakini kila nikifika hapo narudi dirishani. Yule kijana ana sare, ana kiyoyozi, anafanya kazi hiyo kutwa. Fundi aliyekaa kwenye stuli ya mbao aliniuliza maswali mawili: tarehe ya hapa juu ni ya lini, na usiku simu unaiacha wapi. Dakika kumi, akakataa hata hela ya soda. Haya ni maswali ambayo mtu wa dirishani angeweza kuniuliza kabla sijachekwa na foleni nzima. Badala yake nikaambiwa habari za panya. Na vocha yangu, kwa nini iliwe baada ya bando kwisha bila mimi kukubali? Hilo hakuna apdeti inayolieleza. Narudi kwenye nyota moja, na sitaibadilisha.

Na kuna zile MB 200. Simu yangu inasema GB 4.8, wao wanasema 5 zimekwisha. Najua simu yenyewe imeandika kwamba hesabu yake inaweza kupishana na ya mtandao, na fundi naye alisema hivyo hivyo. Lakini hesabu yangu mimi nimeionyesha, programu kwa programu, foreground na background. Jana nimewatumia skrinshoti zote sita, zenye tarehe sahihi safari hii, nikawaomba na wao waonyeshe ya kwao. Mpaka naandika hapa hawajajibu.