Tahadhari: "Ray-Ban orijino" ya shilingi 1,800 hapa Kisumu

Wenzangu wa Kisumu, kabla hujamlipa yule kijana wa miwani sokoni, soma hii kwanza. Jumamosi nilinunua kwake miwani ya jua ya Ray-Ban aina ya Wayfarer, nyeusi, kwa 1,800 nikajiona nimebahatika, maana alianzia 3,500. Kufika Ahero na pikipiki kichwa kilikuwa kinagonga na ukingo wa lami unacheza mbele yangu.

Nyumbani ndipo nikaiangalia vizuri. Nyepesi kama kijiko cha plastiki! Wayfarer halisi ya muundo wa awali hukatwa kwenye bamba la plastiki nzito iitwayo asiteti, na mkononi inashikika. Hii ni plastiki ya kumiminwa. Ukipitisha kucha ukingoni unausikia mshono wa kalibu. Lakini usihukumu kwa uzito tu, kwani fremu za titani ni nyepesi mno na bado ni ghali. Angalia bawaba. Halisi ni ya chuma, meno yake yanaingiliana bila mwanya, nayo imekazwa ndani ya fremu. Yangu imebandikwa kwa gundi, hata mkono wa miwani ukifunguliwa unaning'inia kama mlango wa choo cha stendi. Herufi RB, ambazo huchongwa kwenye lenzi karibu na bawaba, hapa zimepakwa rangi tu, zikatoka kwa kucha. Ndani ya mkono wameandika 50, yaani upana wa lenzi kwa milimita. Rula ya mtoto ikasoma 46.

Fremu feki ningeivumilia. Kilichoniumiza kichwa ni lenzi, na hilo unaweza kulipima mwenyewe. Simama hatua chache kutoka kwa mlango au dirisha lenye grili. Shika miwani mbali na uso, mkono umenyooka, funga jicho moja, utazame chuma kimoja kilichosimama wima kupitia lenzi moja. Sogeza miwani polepole kushoto na kulia, kisha juu na chini. Lenzi safi ya jua isiyo na namba huacha chuma kimenyooka. Kwangu grili ilipinda katikati kama nyoka, na lenzi ya kulia ilikuwa mbaya kuliko ya kushoto. Macho yalikuwa yakirekebisha hitilafu hiyo njia nzima.

Kama miwani yako ni ya namba, mstari utasogea, hiyo ni kawaida. Unachotafuta ni kuruka kwa ghafla au wimbi sehemu moja tu ya lenzi.

Kipimo hiki hakikwambii kama lenzi inazuia miale ya UV, na weusi wake hauthibitishi chochote. Lenzi nyeusi isiyozuia UV ni mbaya zaidi, kwa sababu mboni hupanuka gizani na kuiingiza miale. Duka la miwani lenye mashine ya UV litakupimia kwa dakika moja.

Nilimrudishia Jumatatu. Akasema, "Boss, ulivaa, siwezi kubadilisha." Kibandani kwake kuna mlango wa chuma wenye mistari wima. Jaribu hapo hapo, pesa zikiwa bado mfukoni.