Tahadhari: fundi wa Kariakoo anayerudisha video kwa kuziandika kwenye kadi ileile

Ndugu zangu wapiga video wa harusi hapa Dar, kuna fundi Kariakoo anajitangaza kurudisha video zilizofutwa. Jina silitaji, ila muijue kazi yake, maana amemharibia mwenzetu kadi ya harusi nzima.

Kadi ilikuwa ya GB 64, ikafomatiwa ndani ya kamera kwa bahati mbaya, na haikurekodiwa kitu tena. Kadi ya namna hiyo huwa na matumaini makubwa, kwa sababu kamera nyingi zikifomati hufuta orodha ya mafaili tu. Video zenyewe hubaki palepale mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Fundi akaichukua, jioni akatuma picha ya skrini yenye safu ya mafaili ya MP4 na ukubwa wake, akataka alipwe hela yote kabla ya kukabidhi. Akalipwa. Kufika nyumbani, video nyingi hazifunguki, na chache zinazofunguka zinakatika njiani.

Tulipochomeka kadi tukakuta ndani yake folda inaitwa `recup_dir.1`. Hilo ni jina linalowekwa na PhotoRec, programu ya bure kabisa. Programu haina tatizo. Tatizo ni kwamba aliielekeza ihifadhi ilichopata ndani ya kadi ileile. Kompyuta ikiona kadi iliyofomatiwa inaihesabu tupu, kwa hiyo huanza kuandika mwanzoni, na mwanzoni ndipo ilipokuwa video ya akidi ya ndoa. Folda ilikuwa na karibu GB 20, na eneo hilo lote halirudishwi na fundi yeyote sasa, hata umlipe mamilioni. Fundi mwingine amefanikiwa kuokoa sehemu ya karamu ya usiku, basi. Bibi harusi akidi yake hana, na mpaka leo inaniuma.

Ikikutokea, toa kadi kwenye kamera saa hiyohiyo na sukuma kile kitufe cha pembeni upande wa LOCK. Kadi ndogo za maikro hazina kitufe, tumia adapta yake. Kisha mwambie fundi atoe nakala ya kadi nzima kwenye diski kuu mbele yako, afanye kazi kwenye nakala. Kwa Linux ni hivi, baada ya kuhakikisha kwa `lsblk` kwamba kadi ndiyo sdb:

```
sudo ddrescue -d /dev/sdb kadi.img kadi.map
photorec kadi.img
```

Folda ya kupokea iwe kwenye diski, kamwe isiwe kwenye kadi. Na picha ya skrini yenye majina na ukubwa isikufanye utoe hela: faili linaweza kuonyesha GB 4 na ndani pasiwe na kitu cha kutazama. Cheza video mwanzo, katikati na mwisho, sikiliza na sauti, ndipo ulipe. Akikataa kukuchezea, chukua kadi yako uondoke.