Kamba na maboya ya shamba la mwani: ununue ipi, uache ipi dukani

Mwani haulimwi Kisumu. Unataka maji ya chumvi, na ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo anayekushauri ujaribu Dunga atakupotezea mbegu. Lakini kamba tunazo tele, maana mji wa wavuvi haukosi kamba, na watu wa huku wenye ndugu pwani huagizwa kila mara wanunue na kupakia kwenye basi la Mombasa. Mimi ni mmoja wao. Dada wa mke wangu analima mwani Kibuyuni, karibu na Shimoni, na kwa miaka kadhaa sasa kamba zake nyingi zimepitia mikononi mwangu.

Mwongozo huu ni wa shamba dogo la maji mafupi: mita kumi kwa kumi, mahali ambapo maji yakipwa sana yanabaki kati ya kifundo cha mguu na goti. Kama shamba lako liko kwenye kina kirefu, hesabu zako ni nyingine.

Anza na nafasi kati ya mistari, kwa sababu ndiyo inayoamua ununue roli ngapi. Mstari mmoja ni kamba ya mita kumi iliyowambwa kati ya vigingi viwili, sentimita 30 hivi juu ya mchanga. Kila upande inahitaji nusu mita ya kufungia, kwa hiyo unakata mita 11. Roli ya kawaida ikiwa na mita 220 inakupa mistari 20 kamili, haibaki hata ya kufungia mbuzi. Ukiipanga kwa nafasi ya nusu mita, mistari hiyo 20 inachukua upana wa mita tisa na nusu, yaani shamba lako limejaa kwa roli moja. Ukiibana mpaka sentimita 30 utahitaji mistari 34, ambayo ni mita 374: roli mbili, na ya pili inabaki mita 66, chini kidogo ya theluthi.

Mimi nasimama na nusu mita, hasa kwa anayeanza. Mistari ikibanana, mashada yakikua yanazuiliana mwanga na kusuguana, na anayevuna hana pa kuweka mguu ila juu ya mwani wa mstari wa pili. Shemeji alianza na sentimita 30. Msimu uliofuata alifungua mstari mmoja katika kila mitatu, akaichukua ile kamba kwenda kuanzisha kipande kingine.

Sasa kamba zenyewe, kuanzia ninayoinunua kwanza.

Ya kwanza ni polipropilini iliyosokotwa, ya milimita 4. Ni nyepesi, inaelea, hainywi maji, na haivutiki sana. Mahali penye mawimbi chukua milimita 6, lakini kwenye maji mafupi yaliyotulia hiyo ni kulipia uzito usiouhitaji. Adui yake ni jua. Kamba iliyoning'inizwa nje ya duka kama pambo kwa miezi imeshaanza kufa kabla hujainunua. Ikwaruze kwa ukucha: ikiacha unga mweupe na nyuzi ndogondogo zikikatika, iache. Mwambie mwenye duka akutolee roli ya ndani iliyofungwa. Nyeusi huvumilia jua kuliko za rangi nyingine, ukiipata.

Ya pili ni polithini, ile ambayo wavuvi wa ziwani hufungia nyavu. Nayo inaelea na ni ngumu, ila inateleza. Fundo linalokaa vizuri kwenye polipropilini hapa linafunguka lenyewe, na vikamba vya kufungia mbegu vinateleza juu yake mpaka mashada matano yanakusanyika mahali pamoja. Ukiwa huna nyingine, piga fundo mara mbili.

Ya tatu ni nailoni. Watu huipenda kwa kuwa ni imara, na kweli ni imara. Shida ni kwamba ikilowa inavutika. Mstari ulioukaza Jumatatu ukawa kama waya, baada ya siku chache umelegea katikati na mwani unalala mchangani, ambako unasuguliwa na kufunikwa. Tena ni ya bei kuliko zote. Ni nzuri kwa nanga, kwa mistari hapana. Kuitambua ni rahisi: omba kipande cha kidole kimoja na kikombe cha maji, kizamishe ukikikamua viputo vitoke, kisha uachie. Polipropilini na polithini zitapanda juu, nailoni itabaki chini. Wauzaji wengine hawajui wanachouza, na kikombe kinamaliza mabishano bila kumvunjia mtu heshima.

Ya mwisho ni katani. Usiichukue hata kwa bei ya kutupa. Baharini inaoza, na itakukatikia wakati mwani umekuwa mzito, yaani siku chache kabla ya kuvuna.

Lipo jambo lililoniuma, nalo ndilo lililonifundisha kubeba mzani. Mwaka fulani nilinunua roli yenye karatasi iliyoandikwa milimita 4, mita 220. Nikapakia kwenye basi, nikalala nikijua kazi imekwisha. Baada ya siku nne shemeji akanipigia: "Shemeji, kamba yako imeishia mstari wa kumi na tano, na kipande kisichofika." Akaipima yote upya: mita 172. Kurudisha haikuwezekana, imeshakatwa na iko upande mwingine wa nchi. Mama wa watu alikuwa ameshachimbia vigingi 40.

Tangu hapo napima vitu viwili dukani. Kwanza unene: nazungushia kamba kwenye kalamu mizunguko kumi iliyogusana bila kupandana, naweka rula. Ikiwa ni milimita 4, mizunguko kumi inachukua sentimita nne. Ikichukua tatu, umeuziwa milimita 3. Pili uzito: polipropilini ya milimita 4 ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo kwa kila mita 100, kwa hiyo roli ya mita 220 inapaswa kukaribia kilo 1.7. Ya milimita 6 inakaribia kilo 3.7. Mzani ukisoma kilo 1.3 kwenye roli ya milimita 4, na kalamu imeshakuambia unene ni sawa, basi urefu ndio haupo. Maduka mengi ya kamba yana mzani. Asiyekubali kupima, mwache na roli yake.

Tukija kwenye maboya, ndipo watu wa ziwani tunapokosea zaidi. Tumezoea maji yasiyopanda wala kushuka kwa siku, kwa hiyo wazo la kwanza ni kuuelesha mwani juu, kwenye kamba zilizoshikwa na nanga. Pwani ya Kenya, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inafika karibu mita nne. Chukua shamba lenye maji ya mita moja yakipwa. Yakijaa ni mita tano, kwa hiyo kamba ya nanga haiwezi kuwa chini ya mita tano, na kwa kushikilia vizuri utaweka saba na nusu. Sasa maji yapwe tena: kamba ya mita saba na nusu kwenye maji ya mita moja. Boya lako lina uhuru wa kutangatanga zaidi ya mita saba kila upande kutoka kwenye nanga. Mistari inapandana, inaingia kwa jirani, asubuhi mnagombana nani mwenye shada lipi. Ndiyo maana kwenye maji mafupi nasema vigingi kwanza, na boya liwe msaidizi wa mstari uliokwisha kufungwa kwenye kigingi.

Kazi ya boya hapo ni moja: kuuzuia mstari usibonyee katikati. Tuseme mstari una mashada 48, umbali wa sentimita 20, kila shada gramu 100 siku ya kupanda. Baada ya wiki sita, mambo yakienda vizuri, shada laweza kukaribia kilo. Hizo ni karibu kilo 48 ukizinyanyua hewani, lakini ndani ya maji mwani ni mzito kidogo tu kuliko maji yenyewe, kwa hiyo unaovuta mstari chini ni sehemu ndogo ya uzito huo. Chupa ya nusu lita iliyofungwa vizuri inainua karibu nusu kilo. Shemeji huanza na chupa moja katikati ya mstari, na wiki ya nne, tumbo la kamba likianza kushuka, anaongeza mbili, moja kila upande. Usiyarundike tangu mwanzo. Maboya mengi juu ya mwani mchanga yanauvuta mstari juu, na kila wimbi linalopita linavitikisa vigingi mpaka vinalegea.

Kwa upangaji wangu, boya bora ni lile dogo la wavu, la plastiki ngumu au la povu zito lenye tundu katikati. Kisumu yanauzwa kwa wavuvi wa nyavu. Halibonyei maji yakijaa, na unalipitisha kwenye kamba kabla ya kufunga ncha. Linalofuata ni chupa ya soda. Iwe ya soda, si ya maji ya kunywa, kwa sababu ya soda imetengenezwa kuhimili gesi na haibonyei upesi. Kaza kifuniko, funga kamba shingoni chini ya ule mkanda wake, na kila bamvua zitikise zote: inayosikika maji ndani haifanyi kazi tena, ni uchafu tu unaoelea. Jerikani ya lita tano ni kubwa mno kwa mstari wa mita kumi; inafaa kuonyesha pembe za shamba ili mashua zisipite juu yake.

Vipande vya slipa kuukuu vinaelea vizuri, ila uwezo wake ni mdogo na inabidi viwe vingi. Povu jeupe la kufungashia televisheni sitaki hata kulitaja kwenye orodha. Linavunjika punje punje, punje zinanasa kwenye matawi, na mnunuzi wa mwani mkavu anazikuta guniani.

Kabla ya kupakia, nakata mistari yote 20 hapa nyumbani na kuchoma kila ncha kwa mshumaa mpaka iyeyuke na kushikana, la sivyo itafumuka ndani ya wiki moja. Vikamba vya kufungia mbegu naviongeza kwenye kifurushi hicho hicho: mashada 960, kila kimoja robo mita, ni mita 240 za uzi laini. Vigingi situmi. Huko wanatumia vipande vya mvinje, na shemeji anavichonga mwenyewe.