Tolerance 12 au 40: kufuta ukuta nyuma ya shati jeupe

Kijana alipigwa picha ya pasipoti kwenye studio yetu hapa Birere, Goma, mbele ya ukuta wa rangi ya krimu. Katika Photoshop, ambapo 0 ni nyeusi na 255 ni nyeupe, mwanga wa ukuta ulisoma 225, kivuli cha bega 190, kola ya shati 245.

Tolerance ni tofauti ya mwanga ambayo Magic Wand, zana ya kuteua kwa kubofya, inakubali juu na chini ya pale unapobofya. Kwa 40, ukiibofya mara moja kwenye ukuta, kivuli kinaingia chote. Lakini kola nayo inaingia, kwa kuwa imepishana na ukuta kwa 20 tu. Contiguous, inayoteua tu sehemu zinazogusana, haiokoi, maana kola inagusana na ukuta.

Kwa 12, bofyo la kwanza linachukua 213 hadi 237 tu. Nikashika Shift ili kuongeza kwenye uteuzi, nikabofya penye 205, kisha kwenye kivuli, 190. Mabofyo matatu, kola salama. Madoa madogo yaliyobaki niliyazungushia Lasso, Shift ikiwa bado chini.

Kwa anga la buluu juu ya Nyiragongo nachukua 40 bila kusita: mlima ni mweusi, uko mbali sana na buluu. Moshi ukitanda kileleni, narudi 12.