Uzoefu wangu: kutumia Odoo kwa oda za matangi zinazotoka kiwandani hadi kwa mteja

Ninauza matangi ya maji ya plastiki Dar es Salaam, na sina ghala. Tangi la lita 5,000 haliingii dukani kwangu hata nikitoa mlango. Mteja anaagiza kwangu, mimi naagiza kiwandani, na lori la kiwanda linapeleka mzigo hadi kwenye saiti yake. Kwa miaka mingi oda hizi nilizibeba kwenye daftari na WhatsApp. Miezi kumi iliyopita nilihamia Odoo 17, programu ya kuendeshea mauzo, manunuzi na stoo, ile ya Community isiyo na ada ya leseni, na kijana mmoja wa kompyuta akaniwekea kwenye seva ya kukodi. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye biashara kama yangu, ambaye mzigo haumpitii mkononi lakini lawama zote zinamjia yeye.

Kuiwasha si kazi. Unaingia kwenye mipangilio ya Purchase, unaweka tiki kwenye "Dropshipping", kisha unafungua kadi ya kila bidhaa. Kwenye kichupo cha Inventory unachagua njia ya "Dropship", na kwenye kichupo cha Purchase unaandika jina la msambazaji na bei anayokuuzia. Kuanzia hapo, nikithibitisha oda ya mteja, mfumo wenyewe unatengeneza oda ya manunuzi kwenda kiwandani, na anwani ya kupeleka mzigo inakuwa ya mteja, siyo yangu. Nikiithibitisha na hiyo ya manunuzi, inazaliwa hati ya tatu yenye namba inayoanza na DS. Hati hiyo inaonyesha mzigo unatoka kwa msambazaji kwenda kwa mteja bila kupita stoo yoyote. Siku nitakapobofya "Validate" kwenye DS, pande mbili zinajaa kwa pamoja: oda ya mteja inasoma kwamba amepokea, na oda ya kiwandani inasoma kwamba kiwanda kimeleta.

Hilo peke yake limeniondolea tatizo lililokuwa linanila usingizi. Zamani nilikuwa naandika oda ya mteja leo, simu zinaingia, jioni sikumbuki kama kiwandani nilituma au sikutuma. Sasa juu ya kila oda ya mteja kuna kitufe kinachonipeleka kwenye oda yake ya kiwandani. Kama hakipo, najua hapo hapo kwamba kuna bidhaa sikuiwekea njia sahihi. Kaka wa mauzo kule kiwandani hafungui barua pepe, kwa hiyo napakua PDF na kumtumia WhatsApp. Jibu lake ni lile lile siku zote: "Nimeiona dada, kesho inapakiwa."

Sasa niende kwenye faida, maana hapa ndipo nilipoumia.

Odoo ina kipengele cha "Margins" kwenye mipangilio ya Sales. Ukikiwasha, chini ya kila oda unaona faida kwa shilingi na kwa asilimia. Nilikipenda mno, na kwa miezi mitatu nilikuwa natoa punguzo kwa kuangalia namba ile. Kisha ikaja oda ya lodge moja Bagamoyo, matangi manne ya lita 5,000. Niliuza kila moja kwa 1,000,000 bila VAT. Skrini ikaniambia faida ni 640,000, yaani asilimia 16. Mwenye lodge akaomba nisimtoze usafiri, nikakubali kwa moyo mweupe.

Mwisho wa mwezi nilipokaa na ankara za kiwanda, hesabu haikukubali. Kiwanda kilikuwa kimepandisha bei hadi 880,000 kwa tangi. Bei hiyo mpya nilikuwa nimeshaiandika, lakini niliiandika kwenye orodha ya msambazaji, kichupo cha Purchase. Faida ya kwenye oda ya mteja haisomi huko. Inasoma sehemu nyingine ya kadi ya bidhaa iitwayo "Cost", na kwenye kadi yangu bado ilikuwa 840,000. Kwa hiyo oda ya kiwandani ilitoka na bei sahihi, huku oda ya mteja ikinionyesha faida ya bei iliyokwisha kufa. Faida halisi ya matangi ilikuwa 480,000. Halafu kulikuwa na usafiri wa Bagamoyo, 150,000, ambao niliuongeza kwa mkono kama mstari kwenye oda ya kiwandani. Mstari unaouongeza upande ule haurudi kwenye oda ya mteja, hivyo faida haiujui kabisa. Nilibaki na 330,000. Ile asilimia 16 niliyomkubalia mteja kwa furaha ilikuwa asilimia nane na robo.

Nilibadilisha mambo mawili, na nawasihi myafanye siku ya kwanza. La kwanza, kundi la bidhaa za matangi nililibadilishia njia ya kukokotoa gharama, kutoka "Standard Price" kwenda "Average Cost (AVCO)". Kwa njia hii, DS ikishathibitishwa, gharama kwenye mstari wa oda ya mteja inasahihishwa kwa bei ya kweli ya oda ya kiwandani. Kabla ya hapo namba unayoiona ni makadirio, na lazima uichukulie hivyo unapojadiliana bei. Ndiyo maana naifunua safu ya "Cost" kwenye mistari ya oda, ambayo kwa kawaida imefichwa, na kama bei ya kiwanda imebadilika wiki hiyo naisahihisha hapo hapo kabla ya kumtumia mteja profoma. La pili, usafiri nimeufanya bidhaa ya huduma, nao unaingia kwenye oda ya mteja tangu mwanzo, ukiwa na gharama yake kwenye safu ile ile. Hata nikiamua kumsafirishia mteja bure, mstari unabaki na bei sifuri na gharama 150,000, nami naona kwa macho yangu faida ikishuka kabla sijasema ndiyo.

Neno moja kuhusu VAT: bei ambayo kiwanda hukutajia kwa simu mara nyingi ina VAT ndani. Ukiiingiza kama ilivyo huku bei yako ya kuuzia haina, utadhani unapata hasara. Mimi pande zote mbili naandika bila VAT, na mfumo unajumlisha asilimia 18 chini.

Kufuatilia mzigo ulipofikia kunahitaji uelewe kitu kimoja: Odoo haijui lori liko wapi. DS inaposoma "Ready" maana yake ni kwamba oda ya kiwandani imethibitishwa, basi. Haimaanishi tangi limepakiwa, wala kwamba limetengenezwa. Na inaposoma "Done" ni kwa sababu kuna mtu wa ofisini kwangu alibofya. Msaidizi wangu alikuwa anabofya mara tu kiwanda kikisema "mzigo umetoka", na siku moja mteja wa Kibaha akapokea ankara yetu wakati lori limeharibika njiani na mzigo umelala humo humo kwenye lori. Mama yule alinipigia akiwa na hasira, na alikuwa na haki. Tangu siku hiyo hakuna kubofya "Validate" mpaka picha ya hati ya makabidhiano, yenye sahihi ya mteja na idadi, iingie kwenye simu yetu. Picha hiyo tunaibandika kwenye DS yenyewe. Ankara nazo nimeziweka zifuate "Delivered quantities", ili mfumo usikubali kumtoza mtu kitu ambacho hakijamfikia.

Utaratibu huo umetuokoa pia kwenye mizigo inayokuja nusu nusu, na kwenye matangi inatokea sana, kwa kuwa gari hujaa kwa ukubwa kabla halijajaa kwa uzito. Kiwanda kikileta matatu kati ya manne, naandika 3 kwenye DS, nathibitisha, mfumo unauliza "Create Backorder?", nakubali. Inazaliwa DS nyingine ya tangi moja lililobaki, na oda ya mteja inasoma tatu kati ya nne. Zamani tangi la nne lilikuwa linapotea kwenye kumbukumbu mpaka mteja apige simu.

Kitu ambacho mfumo haufanyi, na lazima kifanywe na mtu, ni kurudi nyuma. Mteja akipunguza idadi au akifuta baada ya oda ya kiwandani kuthibitishwa, oda ile ya kiwandani inabaki palepale. Odoo inaacha tahadhari kwa mhusika wa manunuzi, lakini haimpigii kiwanda simu. Vivyo hivyo mteja akibadilisha saiti: ukibadilisha anwani upande wake, PDF uliyokwisha kumtumia kaka wa kiwandani bado ina anwani ya zamani. Sisi tumejiwekea sheria kwamba badiliko lolote linaanza kwa kupiga simu kiwandani, ndipo mtu aguse kompyuta.

Kuna jambo moja ambalo halihusu programu, lakini nisingependa ulijue kwa njia niliyolijulia mimi. Mzigo ukiwa barabarani lazima uwe na risiti ya EFD, na risiti ambayo dereva anabeba ni ile ya kiwanda kuniuzia mimi, yenye bei yangu ya kununulia. Dereva mmoja alimkabidhi mteja makaratasi yote kwa pamoja. Mteja akaona bei, na oda yake iliyofuata akaipeleka kiwandani mwenyewe. Sasa kwenye maelezo ya kila oda ya manunuzi kuna sentensi inayochapishwa yenyewe: risiti iwe ndani ya bahasha yenye jina la duka langu na irudi na dereva, mteja akabidhiwe hati isiyo na bei. Risiti yake mteja anaipata kutoka kwangu. Kiwanda ninachofanya nacho kazi sasa kinaifuata sentensi hiyo, na kusema kweli ndiyo sababu nimebaki nacho ingawa kuna kingine kinachouza kwa bei ya chini kidogo.

Je, ningeichagua tena? Kwa oda mbili kwa wiki, daftari na nidhamu vingetosha, na nisingelipia seva. Mimi sasa natuma oda kati ya kumi na tano na ishirini kwa wiki kwa wasambazaji watatu, na asubuhi nafungua orodha ya DS zilizo "Ready", nazipanga kwa tarehe, naanza kupiga simu kwa ile iliyochelewa zaidi. Ninachokikosa ni hatua ya katikati, kati ya "Ready" na "Done", ya kuonyesha kwamba mzigo umepakiwa na uko njiani. Kwa sasa naandika namba ya gari na saa ya kuondoka kwenye sehemu ya maelezo ya DS, na mteja akipiga kuulizia, msaidizi wangu anamsomea hapo.